Mabati Arobaini kwa Simu: Namba ya Kadi Kutoka Sikioni Hadi Kwenye Skrini

Pita Nzuguni, Ihumwa au Nala hapa Dodoma siku yoyote utaona kuta zilizosimama zinazosubiri paa. Nyumba nyingi kati ya hizo mwenyewe hayupo. Yuko Uingereza, Muscat au Nairobi, na hapa saiti yupo fundi tu na shemeji wa kumsimamia. Mwenye nyumba anapiga simu dukani, anaagiza mabati, na anataka kulipa kwa kadi yake hapo hapo kwenye simu. Hana laini ya Tanzania ya kutuma M-Pesa, na kumtumia shemeji fedha taslimu ameshaapa hatarudia.

Duka lina mashine ya kadi kaunta, lakini mashine hiyo inataka kadi iguswe au ichomekwe, na kadi iko mbali. Kinachofanya kazi hapa ni ukurasa wa mtandaoni ambao benki au kampuni ya malipo humfungulia mfanyabiashara. Kwenye menyu huandikwa `Virtual Terminal`. Unaingia kwa jina na nywila yako, unaona fomu tupu yenye nafasi za kiasi, namba ya kadi, tarehe ya mwisho na CVV, unajaza yale anayokusomea mteja, unabonyeza, na baada ya sekunde chache jibu linarudi. Makala haya yataufuata mzigo mmoja wa mabati tangu simu inapoita hadi hela inapoingia kwenye akaunti ya duka, pamoja na yanayoweza kuiondoa humo baadaye.

Kuna jambo moja la kulielewa mapema, kwa sababu kila tahadhari itakayofuata imetokana nalo. Kadi ikichomekwa kwenye mashine, chipu yake hutengeneza alama mpya kwa muamala ule mmoja tu, na mwenye kadi anaweka namba ya siri. Benki inapata ushahidi kwamba kadi halisi ilikuwepo. Kwenye ukurasa huu hakuna chipu wala namba ya siri. Kuna tarakimu zilizoandikwa kwenye plastiki, ambazo mtu yeyote aliyewahi kuishika kadi hiyo anaweza kuzisoma. Benki ikijibu "imekubaliwa" imesema mambo mawili tu: kadi ni hai, na fedha zipo. Haijasema ni nani aliye kwenye simu.

Kabla ya kugusa namba ya kadi

Tuseme dada anapiga kutoka Uingereza. Anataka mabati 40 ya geji 28, kofia 8, misumari ya bati kilo 10, vyote vipelekwe Nzuguni. Kwa bei za mfano: mabati 40 kwa shilingi 32,000 ni 1,280,000, kofia 8 kwa 15,000 ni 120,000, misumari kilo 10 kwa 6,000 ni 60,000, kirikuu ya kupeleka ni 40,000. Jumla ni shilingi 1,500,000 kamili.

Oda yote imalizwe kwanza. Keshia aandike vitu, bei, mahali pa kupeleka, jina na simu ya atakayepokea, na aipe oda namba yake, kwa mfano `NZ-0412`. Amsomee mteja jumla na asubiri akubali kwa kinywa chake: "Sawa dada, ni milioni moja na laki tano, pamoja na usafiri hadi Nzuguni." Hapo ndipo kadi inapotajwa. Wanaoanza na kadi kisha wakarudi kwenye hesabu ndio wanaojikuta na miamala mitatu ya kitu kimoja: wa kwanza umesahau kofia, wa pili umesahau usafiri, wa tatu benki ya mteja imeshashtuka na kuufunga.

Bei itajwe kwa shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za mwaka 2025 zinataka bidhaa zinazouzwa ndani ya nchi zitajwe na kulipwa kwa shilingi, na kwa mteja wa nje hilo halina shida yoyote: duka linaomba shilingi, benki yake inabadilisha kuwa pauni kwa kiwango chake na pengine kuongeza ada kidogo. Mwambie hivyo mapema, asije akaona tofauti ya pauni mbili tatu akadhani umemzidishia.

Kiasi, na zile sifuri mbili

Ukurasa ukifunguka, nafasi ya kwanza ni `Amount`, na ya pili huwa ni `Currency`. Chagua `TZS` na uitazame tena kabla ya kuendelea, maana ikiwa imebaki `USD` tangu muamala wa jana, utakuwa umemwomba mtu dola milioni moja na nusu. Benki itakataa, lakini mteja atapata ujumbe kwenye simu yake na hamu ya mabati itakwisha.

Kosa la kimyakimya ni la sifuri mbili za senti. Senti hatuzioni sokoni, lakini katika mifumo ya kadi shilingi bado ina desimali mbili. Kurasa nyingine zinakusubiri uandike nukta mwenyewe. Nyingine zinajaza kutoka kulia kama mashine ya kaunta, kwa hiyo ukiandika 1500000 zinasoma 15,000.00. Muamala unapita, risiti inatoka, mabati yanapakiwa, na jioni unagundua umelipwa elfu kumi na tano. Usitegemee ulichoandika wewe. Soma kiasi kinachoonekana kwenye kitufe cha mwisho au kwenye ukurasa wa kuthibitisha.

Nafasi ya namba ya oda, inayoandikwa `Reference` au `Order ID`, wengi huiruka kwa sababu si ya lazima. Ijaze `NZ-0412`. Utaona faida yake mtandao utakapokatika.

Kurasa nyingi pia zinauliza aina ya muamala. `Sale` inakata fedha moja kwa moja. `Authorise` au `Pre-auth` inazishikilia tu kwenye akaunti ya mteja, kisha wewe unarudi baadaye kuzichukua kwa kitufe cha `Capture`. Kama mabati yako stoo na kirikuu iko nje, chagua `Sale`. Kama rangi aliyotaka haipo na unaisubiri kutoka Dar kwa siku tatu, shikilia kwanza, chukua siku unayopakia. Kufuta fedha zilizoshikiliwa ni rahisi na mteja haoni makato. Kurudisha zilizokwisha kukatwa ni safari ya siku kadhaa na simu nyingi za kuulizia. Ila kushikilia kuna mwisho wake. Baada ya siku chache, kwa kawaida karibu wiki moja, kibali kinaisha nguvu, na mwenye duka aliyejisahau wiki mbili anaweza kukuta hana cha kuchukua.

Tarakimu kumi na sita kupitia simu mbovu

Sasa namba. Za Visa huanza na 4. Za Mastercard nyingi huanza na 51 hadi 55, na zipo zinazoanza na 2. Zote hizo huwa na tarakimu 16. Ya American Express huanza na 34 au 37 na ina tarakimu 15. Ulizia kama benki yako inaipokea kabla mteja hajamaliza kuisoma.

Mwombe mteja asome nne nne, na asimame kila baada ya nne. Mwombe pia asiseme "dabo faivu" au "tripo ziro" kama walivyozoea wa Uingereza, ataje kila tarakimu peke yake. Kwenye laini inayokwaruza, sita na saba zinakaribiana, na "dabo" humezwa na kelele ukabaki na tarakimu 15 bila kujua iliyokosekana iko wapi.

Kuhakiki kuna adabu yake. Keshia wengi, kwa nia njema, hurudia namba kwa sauti: "nne, tano, tatu, mbili…" huku wateja watano wamesimama kaunta wakisubiri misumari. Usirudie wewe. Mwombe mteja aisome mara ya pili, nawe fuata kwa macho kwenye skrini. Ni sekunde ishirini zaidi, na namba haitoki nje ya simu yako.

Ukurasa wenyewe unakusaidia kwa hesabu ndogo ambayo wengi hawajui kwamba inafanyika. Tarakimu ya mwisho ya kila kadi ni ya kuhakiki zile zilizotangulia. Chukua hii namba ya majaribio wanayoitumia waunda mifumo, ambayo si kadi ya mtu:

```
4111 1111 1111 1111
```

Anza kulia, na kila tarakimu ya pili izidishe kwa mbili. Jibu likizidi 9, toa 9. Hapa zinazozidishwa ni ile 4, inayokuwa 8, na moja saba zinazokuwa 14 kwa jumla: tunapata 22. Zisizozidishwa ni moja nane, yaani 8. Ukijumlisha ni 30, na 30 inagawanyika kwa 10, basi namba imekaa sawa. Ukisikia vibaya ukaandika 7 mwishoni badala ya 1, jumla inakuwa 36, na ukurasa unapiga mstari mwekundu kabla hata ya kuigusa benki.

Hesabu hii inakamata kila kosa la tarakimu moja, na karibu kila kosa la kubadilishana tarakimu mbili zinazofuatana, isipokuwa 09 ikiandikwa 90 au kinyume chake. Maana yake kwa keshia ni hii: mwekundu ukitokea papo hapo, tatizo ni sikio au kidole. Rudini kwenye namba, msianze kuilaumu benki.

Tarehe ya mwisho ni mwezi na mwaka, na kadi inafanya kazi hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Kadi nyingine zina tarehe mbili, ya kuanza na ya kuisha, na mteja mwenye haraka husoma ya kwanza. CVV ni tarakimu tatu za nyuma ya kadi, karibu na sehemu ya sahihi. Za American Express ni nne na ziko mbele. Tarakimu hizi tatu haziandikwi popote isipokuwa kwenye ukurasa huo. Tutazirudia.

Kama ukurasa wako una nafasi za anwani na benki yako imewasha ukaguzi wake, kwa kadi ya Uingereza zijaze. Kinachopimwa huko ni tarakimu tu: namba ya nyumba na tarakimu zilizo ndani ya msimbo wa posta. Mtu aliyeiba namba ya kadi mara nyingi hajui mwenyewe anakaa nyumba namba ngapi. Kwa kadi za hapa kwetu ukaguzi huo haukusaidii kitu.

Halafu kuna kitu ambacho hutakiwi kukiomba kabisa, nacho ni OTP, zile tarakimu zinazoingia kwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Muamala wa simu hupelekwa benki ukiwa na alama ya kuonyesha kwamba oda ilipokelewa kwa simu, na kwa muamala wa namna hiyo benki haimtumii mteja OTP. Ukiona OTP inaulizwa, akaunti yako imewekwa kama duka la mtandaoni na si la oda za simu, na kadi nyingi za Ulaya zitakataliwa. Pigia benki yako warekebishe. Usimzoeshe mteja kutaja OTP kwenye simu, maana ndiyo njia ileile wanayotumia matapeli.

Jibu, na jinsi ya kulisoma

Ukibonyeza, ombi linatoka kwa kampuni ya malipo kwenda benki yako, kisha mtandao wa Visa au Mastercard, kisha benki ya dada kule Uingereza, na linarudi njia hiyohiyo. Likikubaliwa utaona `Approved`, msimbo `00` na namba ya kibali, kwa kawaida herufi na tarakimu sita. Namba hiyo ya kibali iandike kwenye oda, kwani ndiyo utakayoulizwa kukiwa na shida.

Likikataliwa, msimbo unakwambia la kufanya kuliko neno `Declined` lenyewe. `14` ni kwamba benki haiijui namba hiyo: imepita kwenye hesabu ya juu lakini haipo. `54` ni tarehe, mara nyingi imesomwa vibaya. `51` ni salio. `N7` ni CVV isiyolingana. `57` ni kwamba kadi hairuhusiwi kufanya muamala wa aina hii. `91` ni kwamba benki yake haipatikani kwa sasa, na hapo kusubiri dakika kumi ni jibu halali.

Anayesumbua ni `05`, ambaye hasemi sababu. Kwa mteja wa Uingereza anayelipa duka la mabati Dodoma kwa mara ya kwanza, kwa kiasi kikubwa, `05` mara nyingi ni benki yake iliyoshtuka. Dawa ni yeye mwenyewe kupiga namba iliyo nyuma ya kadi au kufungua programu ya benki yake, kuthibitisha, kisha akupigie tena. Kurudiarudia hakusaidii. Ukijaribu mara nne tano mfululizo unafanana na mtu anayepima kadi za wizi, na unaweza kusababisha kadi ya mteja ifungwe na akaunti yako ichunguzwe.

Mteja akikataliwa kisha akasema "basi ngoja nikupe nyingine", mara moja ni kawaida. Akifika kadi ya tatu, zenye majina tofauti, funga oda.

Na umeme? Ukikatika au mtandao ukigoma baada ya kubonyeza lakini kabla ya jibu, usibonyeze tena. Hujui ombi lilifika au la. Fungua orodha ya miamala, `Transactions`, tafuta `NZ-0412`. Ikiwa ipo na imekubaliwa, umeshalipwa. Ikiwa haipo baada ya dakika chache, ndipo urudie. Makato mawili ya milioni moja na nusu kwa mabati yaleyale ni kosa la kawaida kabisa katika kazi hii, na namba ya oda ndiyo inayolizuia. Likitokea, ukiwahi siku hiyohiyo kabla miamala haijafungwa tumia `Void`, ambayo inafuta kana kwamba haukuwepo. Ukichelewa unabaki na `Refund`, na hela itamfikia mteja baada ya siku kadhaa.

Baada ya hapo mteja anapata risiti yenye tarakimu nne za mwisho za kadi tu, pamoja na risiti ya EFD kama mauzo mengine yoyote. Fedha zenyewe zinaingia kwenye akaunti ya duka baada ya siku za kazi zilizotajwa kwenye mkataba, zikiwa zimepunguzwa ada. Kwa ada ya mfano ya asilimia 3.5, milioni moja na nusu inaacha shilingi 52,500 njiani na duka linapokea 1,447,500. Ada ya miamala hii huwa kubwa kuliko ya kadi iliyochomekwa, kwa sababu hatari yake ni kubwa, na faida ya bati ni nyembamba. Iingize kwenye hesabu kabla ya kumpunguzia mtu bei.

Namba inakobaki bila wewe kujua

Kanuni za usalama wa kadi, PCI DSS, zina fomu maalumu kwa duka la namna hii, inayoitwa SAQ C-VT. Inakubali duka linaloandika muamala mmoja mmoja kwa kibodi, kwenye kompyuta iliyotengwa kwa kazi hiyo, bila kuhifadhi namba ya kadi kielektroniki popote. CVV ina kanuni kali zaidi: muamala ukishapata jibu, hairuhusiwi kubaki popote, hata ikiwa imefichwa kwa msimbo. Toleo la sasa linataka pia nywila ya herufi zisizopungua 12, na kila mtu aingie kwa jina lake. Nywila moja ya duka zima iliyobandikwa kwenye skrini ni kawaida kwetu, na siku muamala wa ajabu utakapotokea hakuna atakayejulikana.

Watu wengi hawaweki daftari la namba za kadi, wanajua ni kosa. Namba hubaki kwa njia nyingine. Ya kwanza ni kipande cha boksi au nyuma ya risiti, pale keshia anapoandika kwanza ili aingize "mtandao ukitulia". Mtandao ukiwa chini, mwambie mteja utampigia.

Ya pili ni kivinjari. Chrome ikiona tarakimu 16 huuliza kama ihifadhi kadi, na kidole chenye haraka kinakubali. Baada ya mwezi, kompyuta ya duka ina kadi za wateja thelathini zinazojitokeza zenyewe kila mtu anapofungua fomu. Zima hapa, na ufute zilizomo:

```
chrome://settings/payments
```

Ya tatu ni simu yenyewe. Simu nyingi za Android zina kirekodi cha mazungumzo, na wenye maduka hukiwasha ili oda zisibishaniwe. Kikiwa kimewashwa, una faili la sauti lenye namba, tarehe na CVV za kila mteja, na huenda linajinakili mawinguni kila usiku. Rekodi ikusaidie kwenye oda, lakini izimwe kabla kadi haijatajwa. Kama simu haina kitufe cha kusimamisha katikati, kata na umpigie mteja kwa laini isiyorekodi.

Ya nne, kubwa kuliko zote, ni WhatsApp. Mteja anapiga picha ya kadi mbele na nyuma, anakutumia, na anaona amekurahisishia kazi. Usiingize kutoka kwenye picha. Ifute kwenye mazungumzo, kwenye picha za simu, kwenye kapu la vilivyofutwa na kwenye nakala za mawinguni, kisha mwambie: "Dada, samahani, kadi siipokei kwa picha, nakupigia sasa hivi unisomee." Kompyuta ya kaunta ambayo WhatsApp imefunguliwa humo humo, mtoto wa bosi anachezea gemu jioni na fleshi za kila mtu zinachomekwa, haifai kwa kazi hii hata kama nywila yako ina herufi hamsini.

Mzigo ukishaondoka

Turudi kwenye jibu la benki ambalo halisemi ni nani. Mwenye kadi halisi akiona makato asiyoyajua, huwa na hadi siku 120 za kuyapinga. Kwa Visa, pingamizi la ulaghai wa kadi isiyokuwepo lina namba 10.4, kwa Mastercard ni 4837. Benki inazirudisha fedha kwa mwenye kadi na kuzikata kwako, na mara nyingi inaongeza ada ya pingamizi. Hati ya kupokea mzigo yenye sahihi ya fundi haikuokoi, maana inathibitisha mabati yalifika Nzuguni; haithibitishi kwamba mwenye kadi ndiye aliyeyaagiza. Kama oda hii ingekuachia faida ya laki moja, pingamizi moja linakula faida ya oda kumi na tatu au kumi na nne kama hiyo.

Mabati yanapendwa na matapeli kwa sababu yanauzika siku hiyohiyo. Dalili zake zinajulikana. Mteja habishani bei, na mtu anayejenga kwa jasho lake lazima abishane, hata kidogo. Haulizi geji wala rangi. Anataka mzigo utoke leo, na anamtuma mtu na guta badala ya kupelekewa saiti. Mahali pa kushusha panabadilika kirikuu ikiwa njiani.

Dalili moja inatosha peke yake. Anasema: "Kaka, kata milioni moja na laki tisa, ile laki nne mtumie fundi wangu kwa M-Pesa, mimi huku siwezi." Kadi ni ya wizi, mabati hayamhusu sana, anachotaka ni laki nne taslimu ambazo hazirudi. Fedha iliyotoka kwenye kadi hurudi kwenye kadi ileile kwa `Refund` na si kwingine kokote. Ndiyo maana ruhusa ya kurudisha fedha ibaki kwa mwenye duka, keshia awe na ruhusa ya kuuza tu.

Yapo pia mapingamizi yasiyo ya wizi. Duka lina bango la jina moja, lakini kampuni imesajiliwa kwa jina lingine kabisa, na hilo la pili ndilo linalotokea kwenye taarifa ya benki ya mteja. Wiki tatu baadaye dada analiona, halitambui, anapinga. Muulize mtoa huduma wako jina gani linaonekana, ombeni lifanane na bango, na mwisho wa simu mtajie mteja: "Kwenye benki yako itaandikwa hivi."

Kwa mteja mpya kabisa mwenye oda ya milioni moja na nusu, ukurasa huu si chombo sahihi, hata kama umelipia. Kampuni nyingi zinazotoa `Virtual Terminal` zinatoa pia kiungo cha malipo. Unatengeneza kiungo chenye kiasi na namba ya oda, unamtumia kwa WhatsApp au barua pepe, naye anajaza kadi yake mwenyewe na benki yake inamthibitisha kwa 3D Secure, yaani kwa OTP au programu ya benki yake. Akishathibitishwa hivyo, hasara ya ulaghai kwa kawaida inahamia kwa benki iliyotoa kadi, na wewe hujaisikia namba. Mteja mwenye kadi yake halali hatakasirika kufungua kiungo. Anayesisitiza kwamba lazima akusomee tu, na kwamba kiungo "kinakataa" kila ukituma, mwambie mabati hayapo.

Kuandika kadi kwa simu kubaki kwa wale mnaojuana: dada aliyenunua nondo mwaka jana, ambaye shemeji yake unamjua kwa sura, saiti umeshapeleka mizigo mitatu, na anapiga kwa namba ileile. Huyo akipiga saa mbili usiku kwa saa zetu, ambapo kwao bado ni jioni na ndiyo kwanza ametoka kazini, mchukulie oda na ufungue ukurasa.